Jedwali la viashiria mbele ya bodi: njia tatu za kuligeuza kuwa maelezo, na ipi ikufae

Ripoti ya robo ya mwaka iko mezani, majedwali yamejaa, na bodi inakutana Alhamisi. Mkurugenzi amekupigia simu na kusema neno moja tu: "Wafafanulie." Unafungua Excel, unatazama safu za lengo, halisi na asilimia, na hujui uanzie wapi.

Niliwahi kuketi nyuma katika kikao cha namna hiyo, ofisini Kilimani, siku ambayo Ngong Road ilikuwa imefunga na nusu ya wajumbe walifika chai imeshapoa. Ripoti ilikuwa na majedwali 31. Mweka hazina, mama wa makamo aliyewahi kuendesha chama kikubwa cha akiba, alirudi ukurasa wa tisa mara tatu, kisha akamwuliza kijana wa takwimu: "Mwanangu, hii asilimia 65 ni mbaya ama ni ya kawaida?" Kijana akasema iko chini ya lengo. Mama akajibu kwamba hilo analiona mwenyewe. Mwishowe kumbukumbu zikaandika kwamba ripoti "imepokelewa", na hakuna lililobadilika hadi robo iliyofuata. Ripoti ile niliihariri mimi.

Tangu hapo nimeandika kwa njia tatu tofauti, na kila moja imenifaa mahali fulani na kuniumbua mahali pengine. Naziweka hapa kando kwa kando, juu ya jedwali moja, ili uone jinsi tarakimu zilezile zinavyoweza kuipeleka bodi kwenye maamuzi tofauti.

## Vipimo vya kulinganishia

Kila njia nitaiuliza maswali manne. Mjumbe aliyesoma ukurasa mmoja tu, ndani ya gari, ataelewa anatakiwa kuamua nini? Kila sentensi inaweza kurudishwa kwenye daftari au fomu iliyoizaa? Inakula siku ngapi, na inahitaji data gani zaidi ya jedwali? Na inaharibika vipi? Hili la mwisho ndilo watu husahau kuuliza, ilhali kila njia ina mahali pake pa kufichia habari mbaya.

## Jedwali tutakalofanyia kazi

Mradi wetu wa mfano unahudumia wajawazito katika mitaa ya mabanda ya Nairobi kupitia vituo vitatu vya afya na wahamasishaji wa afya ya jamii. Robo ni Aprili hadi Juni 2024. Tarakimu nimezitunga ili tuzifanyie kazi. Mazingira ni ya kweli: mgomo wa madaktari wa nchi nzima ulianza 14 Machi na kwisha 8 Mei mwaka huo, mafuriko yaliikumba Mathare na Mukuru mwishoni mwa Aprili, na mwezi Mei serikali ikabomoa nyumba zilizokuwa kandokando ya mito.

| Kiashiria | Lengo | Halisi | Asilimia |
|---|---|---|---|
| Ziara za nyumbani za wahamasishaji | 3,600 | 3,960 | 110 |
| Wajawazito, kliniki ya kwanza | 1,200 | 1,284 | 107 |
| Wajawazito, kliniki ya nne | 720 | 468 | 65 |
| Waliojifungulia kituoni | 780 | 741 | 95 |

Kiashiria kinachouma ni cha tatu, cha wajawazito waliofika kliniki mara ya nne. Kila kituo kilipewa lengo la wajawazito 240. Kituo A kilipata 221, kituo B kikapata 205, na kituo C, kilicho karibu na mto, kikapata 42.

Kabla ya njia yoyote kuna kazi moja isiyoepukika: kuuliza kama hiyo 42 ni kweli. Ukiigawa kwa miezi unapata Aprili 38, Mei 4, Juni hakuna kitu. Tazama vizuri hiyo ya Juni. Kwenye KHIS, mfumo wa taifa wa takwimu za afya, nafasi tupu haina maana ya sifuri. Mara nyingi maana yake ni kwamba fomu ya MOH 711 ya mwezi huo haikuingizwa. Ni jedwali la Excel, likijumlisha, ndilo linaloigeuza kuwa sifuri bila kukwambia. Ukienda kituoni ukafungua daftari la kliniki ya wajawazito, MOH 405, unakuta wanawake 51 waliofikisha kliniki ya nne mwezi Juni. Basi kituo C kina 93, mradi mzima una 519, na asilimia ni 72. Upungufu wa 252 umeshuka hadi 201, na mmoja kati ya kila watano waliokuwa "wamepungua" alikuwa kwenye karatasi tu. Safari hiyo ni ya asubuhi moja. Usipoifanya, njia zote tatu zitaeleza kwa ufasaha jambo ambalo halikutokea.

## Njia ya kwanza: kiashiria kwa kiashiria

Hapa unafuata mpangilio wa jedwali. Kila kiashiria kinapata aya yake: tulilenga nini, tukapata nini, kwa nini, na nini kinafuata. Hii ndiyo njia ambayo wafadhili wengi wameizoea, na ndiyo inayoandikwa vibaya kuliko zote. Aya ya kawaida husomeka hivi:

> Wajawazito 468 walifikisha kliniki ya nne dhidi ya lengo la 720 (asilimia 65). Upungufu ulitokana na mafuriko na mgomo wa madaktari. Mradi utaimarisha uhamasishaji robo ijayo.

Sentensi ya kwanza imehesabiwa, ya pili imekisiwa, ya tatu ni ahadi isiyo na mwenyewe. Kisio lenyewe halisimami. Mgomo ulikuwa wa nchi nzima. Kama ndio ulioangusha kliniki ya nne, vituo A na B navyo vingeanguka. Kliniki za wajawazito, tena, huendeshwa zaidi na wauguzi. Aya hiyohiyo ikiandikwa kwa uangalifu huwa hivi:

> Wajawazito 519 walifikisha kliniki ya nne dhidi ya lengo la 720 (asilimia 72, baada ya kuongeza ripoti ya Juni ya kituo C iliyokuwa haijaingizwa). Vituo A na B vilifikia asilimia 92 na 85. Kituo C kilifikia 39, na anguko lake ni la Mei, mwezi uliofuata mafuriko: wanawake 4 kutoka 38 wa Aprili. Juni walirudi kuwa 51.

Uamuzi. Mjumbe anajua hali, lakini uamuzi lazima autafute mwenyewe, na akiwa na viashiria 20 hataupata.

Ushahidi. Hapa njia hii inazishinda nyingine. Kila tarakimu ina anwani, na mkaguzi anaweza kuifuata hadi kwenye daftari.

Gharama. Siku mbili, pamoja na ile asubuhi ya kituoni.

Inapoharibika. Kwa kuwa kila kiashiria kina aya yake, kiashiria dhaifu kinazikwa kati ya viwili vyenye nguvu. Ziara za nyumbani asilimia 110, kliniki ya kwanza 107, kujifungua 95: msomaji anafunga ripoti akidhani robo imekwenda vyema isipokuwa doa moja. Kumbe ile 110, tutakavyoona, ni sehemu ya tatizo lenyewe.

Inamfaa anayeandikia mfadhili mwenye kiolezo chake, bodi mpya ambayo bado haijui mradi unapima nini, au mwandishi ambaye hakuwa na muda wa kutoka ofisini.

## Njia ya pili: kuanza na uamuzi

Unalipindua jedwali. Kabla ya kuandika neno unamwuliza meneja wa mradi: kikao hiki kina mamlaka ya kuamua nini? Soma kumbukumbu za kikao kilichopita na ajenda ya hiki. Mara nyingi maamuzi halisi ni mawili au matatu: kuhamisha fedha kutoka fungu moja hadi jingine, kubadilisha lengo, kuongeza au kufunga eneo. Kisha kila tarakimu unaihukumu kwa swali moja, kwamba je, inasogeza uamuzi huo upande wowote? Isiyosogeza inakwenda kwenye kiambatisho.

Tuseme meneja anafikiria kuanzisha kliniki tembezi ya kila wiki karibu na kituo C, kwa shilingi 640,000 kutoka fungu la mafunzo ya wahamasishaji. Aya inakuwa:

> Bodi inaombwa kuamua kama shilingi 640,000 zihamishwe kutoka fungu la mafunzo kwenda kliniki tembezi karibu na kituo C. Kati ya wajawazito 201 waliopungua kwenye kliniki ya nne, 147 ni wa kituo hicho. Anguko lilikuwa la Mei. Juni kituo kilihudumia 51, dhidi ya wastani wa 80 uliohitajika kwa mwezi. Bodi ikiahirisha, huenda kituo kikaendelea kupanda chenyewe. Hatari ni kwamba waliokosa kliniki Mei watajifungua kabla ya kikao kijacho.

Mweka hazina wangu asingerudi ukurasa wa tisa. Swali liko kwenye mstari wa kwanza, bei iko pale, na gharama ya kungoja iko pale.

Uamuzi. Njia hii inaongoza kwa mbali. Mjumbe wa ndani ya gari anaweza kufika akiwa na msimamo.

Ushahidi. Tarakimu ni safi, lakini zimechaguliwa. Aya haisemi popote kwamba ziara za nyumbani zilipita lengo, na haijui waliokosekana wako wapi.

Gharama. Siku nne au tano, na nyingi kati yake si za kuandika bali za kumfuata meneja. Kama hakuna anayekwambia bodi inaamua nini, njia hii haiwezekani. Utabuni uamuzi, na bodi itaona umewavukia mpaka.

Inapoharibika. Mtu wa tathmini anageuka wakili wa meneja. Dalili yake ni rahisi kuitambua: aya ina chaguo moja tu, na kuahirisha hakukutajwa kama chaguo. Ndiyo maana kila aya ya namna hii naiwekea sharti la sentensi ya "bodi ikiahirisha". Mameneja hawaipendi sentensi hiyo. Naiacha ibaki.

Inamfaa anayeandikia bodi iliyokomaa, yenye muda mfupi na ajenda iliyo wazi, na ofisi ambayo mtu wa tathmini anaweza kumkatalia meneja bila kupoteza kazi.

## Njia ya tatu: kufuata mnyororo

Njia hii inaviona viashiria vinne kama hatua za safari moja. Mhamasishaji anabisha hodi, mwanamke anaanza kliniki, anafikisha ya nne, anajifungulia kituoni. Unauliza mnyororo umekatika wapi, na kwa nini hapo.

Kuna mtego mlangoni, nami niliwahi kuukanyaga. Kishawishi ni kugawa 519 kwa 1,284 na kuandika kwamba "asilimia 60 ya wajawazito waliacha kliniki njiani". Hao si wanawake walewale. Aliyeanza kliniki Mei akiwa na mimba ya miezi minne hawezi kufikisha ya nne kabla ya Juni kwisha. Wengi waliofikisha ya nne robo hii walianza mapema mwaka huo au mwishoni mwa uliotangulia. Vivyo hivyo waliojifungua 741 ni wengi kuliko waliofikisha kliniki ya nne kwa sababu wapo waliokuja kujifungua baada ya kliniki mbili tu, na wapo waliotoka nje ya eneo letu. Jedwali la robo halina safari ya mtu. Kuipata lazima urudi kwenye daftari na kufuata majina.

Hivyo unarudi kituo C. Unachukua wanawake 40 ambao kabla ya mafuriko walikuwa wamefikisha kliniki ya pili au ya tatu na ambao hawakuonekana tena, kisha muuguzi wa kituo anawapigia simu. Katika mfano wetu wanapatikana 26. Kumi na watano walishahamia kwa ndugu au mtaa mwingine na wameendelea na kliniki huko, na kitabu cha mama na mtoto mkononi. Wamehesabiwa kwenye kituo kingine kisicho cha mradi. Kumi na mmoja nao walihama, lakini hawajaenda kliniki yoyote. Wengine 14 simu zao hazipatikani, na hao ndio ningewaogopea zaidi.

Halafu unafungua madaftari ya wahamasishaji. Daftari linahesabu ziara, halihesabu wanawake, na mwanamke mmoja akitembelewa mara tatu ni ziara tatu. Unakuta kwamba baada ya mafuriko wahamasishaji wa eneo la C waliendelea kuzitembelea nyumba zilizobaki zimesimama, tena mara nyingi zaidi kwa kuwa zilikuwa chache na karibu. Waliobomolewa nyumba walitoka kwenye orodha pamoja na nyumba zao. Ndivyo ziara zilivyofika asilimia 110 katika robo ambayo mradi ulikuwa ukiwapoteza wanawake waliouhitaji zaidi.

> Kituo C hakikukimbiwa na wateja. Wateja walihamishwa na maji na ubomoaji. Kati ya wanawake 26 tuliowapata kwa simu, 15 wanaendelea na kliniki kwingine na 11 wameacha. Wahamasishaji wanafuata nyumba, kwa hiyo aliyehama anatoka kwenye orodha na hakuna anayemtafuta. Idadi hii ni ndogo na haiwakilishi wajawazito wote wa eneo.

Sasa rudi kwenye ile kliniki tembezi ya shilingi 640,000. Ingewekwa karibu na kituo C, mahali ambapo hao 11 hawaishi tena. Ombi la njia ya pili lilikuwa limeandikwa vizuri, tarakimu zake zilikuwa sahihi, na lingeipeleka bodi kulipia meza na hema mahali pasipo na watu.

Uamuzi. Bodi inaelewa sababu, lakini aya haiwaambii wapige kura juu ya nini. Nimeona wajumbe wakivutiwa na simulizi, wakalijadili nusu saa, kisha wakaenda kula.

Ushahidi. Ni wa kina na ni mwembamba. Watu 26 ni watu 26. Usiwageuze kuwa asilimia, maana ukiandika "asilimia 58 wanaendelea na kliniki" kuna mjumbe ataizidisha kwa mtaa mzima.

Gharama. Siku kumi kwa uchache, ruhusa ya kituo ya kutumia daftari, na muuguzi wa kupiga simu. Usipige mwenyewe, namba zile walipewa watu wa afya, hawakupewa wewe.

Inapoharibika. Simulizi ikikolea, kila kitu kinaanza kueleweka kupita kiasi. Jipime kwa kutafuta mahali ambapo maelezo yako yangepaswa kushindwa. Hapa nilitazama kituo B: nacho kina wahamasishaji wanaofuata nyumba, lakini hakikufurika. Kama nacho kingekuwa kimeanguka, hadithi ya maji ingekuwa imekufa.

Inamfaa mradi ambao kiashiria kimoja kimeanguka ghafla bila sababu iliyo wazi, au ambao viashiria vyake viwili vinapingana, kama ziara zinazopanda huku kliniki zikishuka.

## Kulingana na hali yako

Una siku tatu na kiolezo cha mfadhili: tumia ya kwanza, lakini weka vituo kando kwa kando ndani ya aya, wala usiandike sababu ambayo hukuipima. "Sababu haijathibitishwa" ni sentensi halali, na bodi nyingi huiheshimu kuliko unavyodhani.

Bodi ina uamuzi wa fedha mezani na data yako haina utata: nenda na ya pili. Kama tarakimu inayobeba uamuzi huo ni moja tu, na imeanguka mahali pamoja, omba wiki moja zaidi. Muuguzi apige simu hata kumi. Ukinyimwa wiki, andika ndani ya ombi lenyewe kwamba hamjui waliokosekana wako wapi.

Una muda, na kiashiria hakieleweki: ya tatu. Ukimaliza, chukua mwisho wake uuandike kwa umbo la ya pili, maana mnyororo usiofika kwenye ombi unabaki kuwa mazungumzo. Katika mfano wetu ombi lingekuwa dogo zaidi: wahamasishaji wa C wapewe orodha ya wajawazito kwa jina na simu, fedha za kupiga simu, na robo moja ya kuwatafuta waliohama. Kliniki tembezi ingengoja hadi ijulikane wamehamia wapi.

Bodi ikipenda kulinganisha mradi na nchi, jihadhari. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 66 ya wanawake walihudhuria kliniki mara nne au zaidi, na kuna mjumbe atakayeiweka kando ya 72 yetu na kutabasamu. Ile inatokana na kuwauliza wanawake waliokwisha kuzaa. Yetu ni sehemu ya lengo tulilojiwekea wenyewe. Waeleze kwa sentensi mbili kabla hawajatabasamu, ikiwezekana kwenye ukurasa uleule wa jedwali.

Na kama unaandikia mfadhili na bodi kwa pamoja, usijaribu waraka mmoja. Mfadhili mpe ya kwanza yote. Bodi wape kurasa mbili, majedwali nyuma, na namba ya ukurasa pembeni ya kila tarakimu, ili mweka hazina akitaka kurudi nyuma arudi mara moja tu.